Herufi Mbili Zilizoliwa na Tundu

Tuseme umeletewa picha ya skana ya mkataba wa shamba uliopigwa taipu miaka ya hamsini. Mstari mmoja unaishia na neno “mpangaji”. Mstari unaofuata, mwanzoni kabisa, umetobolewa na tundu la faili, na kilichosalia ni “talipa kodi mpaka mavuno ya kwanza”. Je, mpangaji atalipa, au hatalipa? Sentensi zote mbili zinaeleweka. Ya kwanza inasema kodi inadaiwa tangu siku anayoingia shambani hadi avune. Ya pili inampa nafuu mpaka avune. Wajukuu wa pande zote mbili wakikutana barazani, kila upande utaapa kwamba uonavyo ndivyo ilivyoandikwa.

Kiswahili kina bahati mbaya hapa. Nani anatenda, lini anatenda, na kama anatenda au hatendi, vyote vimerundikwa mwanzoni mwa kitenzi. Na faili zetu hutobolewa upande wa kushoto, kule kule mistari inakoanzia. Tundu likila mwisho wa neno, mara nyingi msomaji hujijazia bila shida. Likila mwanzo, limekula sarufi yenyewe.

Kikawaida tundu halikupaswa kugusa maandishi. Panchi ya ofisini ya kawaida hutoboa matundu ya milimita 6, kitovu chake kikiwa milimita 12 kutoka ukingoni, kwa hiyo tundu huishia kama milimita 15 ndani. Mpiga taipu aliyeacha pambizo ya inchi moja hana wasiwasi. Lakini karatasi ilikuwa haba, wapo waliobana pambizo hadi sentimita moja. Na karatasi iliyochanika kwenye matundu ya zamani ilitobolewa upya, ndani zaidi, ili irudi kwenye faili. Matundu manne ukingoni badala ya mawili ni dalili ya kazi hiyo, na yale ya pili ndiyo huwa yameumiza maandishi.

Sasa turudi kwa mpangaji wetu. Wengi huanza kwa kubahatisha neno, kisha wanatafuta sababu. Anza na nafasi. Taipureta ya kawaida haiandiki kama mkono: herufi i na herufi m hupewa upana uleule. Mashine nyingi zilikuwa na herufi 10 kwa inchi, nyingine 12. Ikiwa karatasi imeskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, basi kwenye mashine ya herufi 10 kila herufi inakaa kwenye kijumba cha pikseli 30, na kwenye ile ya 12 kijumba cha pikseli 25. Utajua ni ipi kwa kupima mstari mzima usio na jeraha: hesabu herufi pamoja na nafasi tupu, gawa urefu kwa idadi.

Katika mfano wetu mistari ya juu na ya chini inaanza kwenye pikseli ya 120 kutoka ukingo wa kushoto. Kijumba cha t ya “talipa” kinaanza pikseli ya 180. Tofauti ni 60, yaani vijumba viwili vya mashine ya herufi 10. Herufi mbili zimeliwa, si moja, si tatu. “Atalipa” inahitaji moja tu, imeanguka. “Hawatalipa” inahitaji nne, nayo imeanguka. Zinabaki zinazotosha: hatalipa, watalipa, nitalipa, sitalipa, tutalipa. Mtendaji ametajwa mwishoni mwa mstari uliotangulia, ni mmoja, na si yule anayesema. Hapo watalipa, nitalipa, sitalipa na tutalipa zinaondoka.

Usishangilie bado. Mpiga taipu huenda aligusa kitufe cha nafasi kabla ya kuanza mstari, na kijumba cha kwanza kikabaki kitupu. Hapo “atalipa” inafufuka. Au alikuwa anaanza aya mpya kwa kuingiza maandishi ndani. Au neno lilikatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari wa juu, na kiambishi kipo huko. Hilo la mwisho linaonekana kwa macho. Kwa hiyo tunahitaji ushahidi wa pili, na ushahidi huo uko kwenye ukingo wa tundu lenyewe. Tundu ni duara, vijumba viwili vya herufi ni mstatili, na duara halifiki kwenye pembe zote za mstatili, hasa likiwa limekaa juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Kuza picha. Katika mfano huu tundu limeshuka chini kidogo, na kwenye pembe ya juu kushoto kimebaki kichwa cha kijiti kilichosimama. Herufi a haina kijiti. W na n hazina. H inacho. Linganisha na h nyingine ya mashine hiyohiyo kwenye ukurasa huo: ikilingana kwa urefu na unene, imemaliza ubishi. Mpangaji hatalipa mpaka avune.

Kabla ya kukuza picha namna hiyo, hakikisha unachokiona ndani ya tundu ni cha karatasi yenyewe. Huu ni mtego unaonasa hata makarani wazoefu. Karatasi ikiskaniwa ikiwa imelalia nyingine, tundu linakuwa dirisha, na vipande vya herufi vinavyoonekana humo ni vya ukurasa wa nyuma. Utavitambua kwa sababu havikai kwenye vijumba vya mistari ya ukurasa huu, na mara nyingi kingo za tundu zina kivuli chembamba upande mmoja. Dawa yake ni nyepesi mno kiasi kwamba inaudhi kuona haitumiki: karatasi nyeusi nyuma ya kila ukurasa kabla ya kuskani. Tundu linatoka jeusi tii, kingo zake zinasomeka, na hakuna herufi ya mgeni inayojipenyeza.

Mkunjo ni habari nyingine. Pale barua ilipokunjwa na kukunjuliwa kwa miaka, wino wa utepe unabanduka pamoja na uso wa karatasi, na skana inaonyesha mstari mweupe uliopita katikati ya maneno. Lakini nyundo za taipureta hugonga. Wino ukiondoka, shimo dogo la herufi linaweza kubaki kwenye karatasi, na nyuma yake uvimbe. Skana haiwezi kuona hilo vizuri kwa sababu mwanga wake hauji kwa mlalo wa kutosha kuacha kivuli. Zima taa ya chumba, laza tochi ya simu mezani kando ya karatasi ili mwanga upite chinichini, piga picha. Izungushe karatasi robo, piga tena. Nukta na koma, zilizogongwa kwa ncha kali, ndizo huonekana kwanza. Ukiwa na nakala ya kaboni badala ya karatasi ya juu, usitegemee sana: nyundo haikuigusa moja kwa moja.

Na selotepu. Aliyeibandika alikuwa na nia njema, na gundi yake imegeuka kahawia na kunywewa na karatasi. Usiibandue, itaondoka na herufi, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa hifadhi. Kwa kusoma tu, skani kwa rangi, si nyeusi na nyeupe, kisha kwenye programu yoyote ya picha tazama mkondo mwekundu peke yake. Doa la manjano na kahawia hufifia humo, wino mweusi na wa buluu hubaki. Tahadhari moja: wino mwekundu nao hufifia, na makarani wengi waliandika namba za kurasa na maelezo ya pembeni kwa wino huohuo. Kwa hiyo angalia mikondo yote mitatu kabla ya kusema pembeni hapakuwa na kitu. Angalia pia kama mrekebishaji alipandisha kingo mbili za mchaniko, moja juu ya nyingine. Mistari ikipoteza ulinganifu kwa milimita mbili kwenye taipu ya herufi 12, karibu herufi nzima imefichwa chini, haijapotea.

Tarakimu hazina sarufi ya kukusaidia. Tundu likila mwanzo wa kiasi cha fedha, hakuna kiambishi kitakachokuambia ni 18 au 81. Hapo tafuta kiasi kilichoandikwa kwa maneno, au jumla. Chukua orodha ya shilingi: 45/50, kisha 12/75, kisha ya tatu iliyobaki “/25” tu, kisha 30/-, na chini jumla 106/50. Tatu zinazosomeka zinafanya 88/25. Toa kwenye jumla, unapata 18/25. Senti 25 zilizosalia ukingoni zinakubaliana na hesabu, na makubaliano hayo ndiyo uthibitisho, maana hukuzitumia senti hizo kupata jibu. Kama senti zingegoma, ungejua ama karani alikosea kujumlisha ama umesoma vibaya mahali. Zikiliwa safu mbili katika orodha moja, njia hii imekufa. Andika kwamba haisomeki.

Kuna njia moja inayozidi zote hizi, na watu huisahau kwa kupenda vitendawili. Tazama chini ya barua panapoandikwa “Nakala kwa”. Kila ofisi iliyotajwa hapo ilipata nakala yake, ikaitoboa kwa panchi yake, mahali pake. Ni nadra matundu mawili ya ofisi mbili kula herufi zilezile.

Lililobaki ni namna ya kuandika ulichopata, na hapa sina uvumilivu. Wasomaji wa mafunjo na maandishi ya mawe walikubaliana alama zao huko Leiden mwaka 1931, na zinatosha kabisa kwa faili la wilaya: kilichojazwa na msomaji kinawekwa ndani ya mabano ya mraba, [ha]talipa, kilichopotea bila kujulikana kinawekewa nukta kwa idadi ya herufi, [..]talipa, herufi inayoonekana nusu inawekewa nukta chini yake. Ukiandika “hatalipa” bila alama yoyote, hata kama ni sahihi, umemnyima msomaji anayefuata haki ya kukukosoa, na umeifanya karatasi iseme kitu ambacho leo haikisemi. Andika pia, pembeni, sababu: vijumba viwili, kijiti cha h, mtendaji mmoja. Maneno machache yanatosha.

Kama nyumbani kwenu kuna hati ya namna hii, iskani leo kwa rangi, nukta 300 au zaidi kwa inchi, pande zote mbili, karatasi nyeusi nyuma yake. Na selotepu iache ilipo.