Alama 12 si lazima ije kwanza: kupanga hatari za malori ya Lubumbashi

Kampuni nyingi za usafirishaji hutundika ukutani jedwali la hatari lenye rangi nyekundu, njano na kijani. Kila hatari hupewa alama ya uwezekano wa kutokea, 1 hadi 5, na alama ya athari, 1 hadi 5. Alama hizo huzidishwa, na jibu kubwa ndilo linaloshughulikiwa kwanza. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini ikifuatwa kama ilivyo humpoteza meneja.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye malori 20 yanayokwenda Lubumbashi kutoka Dar es Salaam na kurudi bandarini na shaba. Kwanza wakubaliane kila namba ina maana gani, la sivyo 3 ya mhasibu haitakuwa 3 ya dereva. Kwa uwezekano, 1 iwe tukio lisilofika hata mara moja katika miaka mitano, 2 mara moja katika miaka miwili hadi mitano, 4 mara kadhaa kwa mwaka, na 5 kila mwezi au zaidi. Athari ipimwe kwa hasara ya tukio moja: 1 ni chini ya shilingi milioni 2, 3 ni kati ya milioni 10 na 50, na 5 ni zaidi ya milioni 200 au kifo cha mtu.

Sasa waweke hatari nne. Ya kwanza ni kukwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka huo kwa muda kutokana na mvutano wa kibiashara, na hata siku za kawaida foleni huwa ndefu. Malori 10 yakikaa siku tano, kila moja likipoteza shilingi 500,000 kwa siku, hasara ni milioni 25: uwezekano 4, athari 3, alama 12. Ya pili ni breki kushindwa kwenye mteremko wa Kitonga, Iringa, ambao lori la kurudi Dar hulazimika kuushuka likiwa na shehena nzito ya shaba: 2 mara 5, alama 10. Ya tatu ni wizi wa dizeli, lita 100 hapa na pale: 5 mara 1, alama 5. Ya nne ni kuporwa lori zima la shaba: 1 mara 5, alama 5.

Tazama hizo mbili za mwisho. Tani 30 za shaba kwa bei ya dola 9,000 kwa tani ni dola 270,000, zinazokaribia shilingi milioni 700. Zikiporwa mara moja katika miaka 10, wastani ni milioni 70 kwa mwaka. Dizeli nayo, kwa shilingi 3,000 kwa lita na wizi mara 20 kwa mwezi katika malori yote, hula milioni 72 kwa mwaka. Alama ni moja na wastani unakaribiana, ila wizi wa dizeli huikondesha kampuni polepole, ilhali uporaji mmoja wa shaba unaweza kuifilisi.

Ndiyo maana hatua za kuchukua zinahitaji hesabu yake. Kwanza toa pembeni hatari zinazoweza kuua mtu au kuifunga kampuni. Hizo hazishindani na nyingine. Breki za lori na tela zikaguliwe Iringa kabla ya kushuka, hata kama ukaguzi utagharimu milioni 30 kwa mwaka. Shaba ikatiwe bima ya mzigo safarini, na masharti yake yasomwe, hasa kuhusu mahali lori linaporuhusiwa kulala.

Hatari zilizobaki zipangwe kwa kulinganisha gharama na hasara inayookolewa. Kampuni haina mamlaka Kasumbalesa, ila inaweza kuweka kwenye mkataba kwamba mteja atalipia siku za kusubiri. Hatua hiyo haihitaji zaidi ya ada ya wakili, na inashusha athari kutoka 3 hadi 2. Kisha zije sensa za matangi. Tuseme zinagharimu milioni 20 na kupunguza wizi kutoka mara 20 hadi 5 kwa mwezi. Kampuni itaokoa milioni 54 kwa mwaka, lakini jedwali litabaki na alama ile ile 5, kwa sababu mara tano kwa mwezi bado ni “kila mwezi au zaidi”. Meneja anayetazama rangi pekee angeamini sensa hazijasaidia kitu.

Kinga yake ni rejista ya matukio. Kila baada ya miezi sita, idadi ya matukio na fedha zilizopotea zilinganishwe na alama zilizotolewa. Hatari iliyopewa 2 ikishatokea mara tatu, alama ndiyo ibadilishwe, na orodha ya hatua ipangwe upya.