Siku Moja ya Mshahara ni Shilingi Ngapi?

Tumchukue karani wa stoo anayelipwa shilingi 780,000 kwa mwezi, kazi yake Jumatatu hadi Ijumaa. Mwezi Julai 2025 aliomba likizo bila malipo kuanzia Jumatatu tarehe 14 hadi Jumatano tarehe 23, akarejea kazini Alhamisi. Mwajiri aliridhia, barua ikaandikwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anashika kikokotoo: akate kiasi gani?

Wape hesabu hiyo wahasibu watatu, na huenda ukapata majibu matatu. Wa kwanza atagawa mshahara kwa 30, apate shilingi 26,000 kwa siku, kisha azidishe kwa siku nane za kazi alizokosa karani. Atakata 208,000. Wa pili naye atagawa kwa 30, lakini atahesabu siku kama zilivyo kwenye kalenda, Jumamosi na Jumapili ndani yake. Hizo ni siku kumi, na makato yanakuwa 260,000. Wa tatu atagawa kwa siku 22 za kazi, halafu kwa haraka azidishe kwa zile kumi za kalenda. Huyo atakata zaidi ya 354,000. Mtu mmoja, likizo moja, na kati ya jibu la chini na la juu pana pengo la takriban shilingi 146,000.

Kati ya hao watatu, ni wa pili tu ambaye hesabu yake inashikana. Siku zinazogawa na siku zinazokatwa lazima ziwe za aina moja. Ukigawa kwa 30 umeshakubali kwamba mshahara unalipia hata siku za mapumziko, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zilizo katikati ya likizo nazo zikatwe. Ukigawa kwa siku za kazi tu, umesema Jumamosi na Jumapili hazina bei, basi huna ruhusa ya kuzikata. Mhasibu wa kwanza amemzawadia karani siku mbili, na wa tatu amemnyang'anya siku mbili. Wote wawili pengine walidhani wanafuata utaratibu.

Hata hivyo, 30 ina udhaifu wake hata ikitumiwa vizuri. Kwa wiki nzima haileti shida: siku saba kwa 26,000 ni 182,000, na tutaona kwamba njia ya siku za kazi inatoa karibu kiasi hichohicho. Shida huanza kwa siku mojamoja. Mtu asipofika Jumanne, anakatwa 26,000 tu, ingawa amekosa sehemu ya tano ya kazi ya wiki. Asipofika Ijumaa na Jumatatu, je, amekosa siku mbili au nne? Mwajiri atasema nne, mfanyakazi atasema mbili, na namba 30 yenyewe haiwezi kuwaamulia.

Kwa Tanzania bara jibu limeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ina jedwali mwishoni, Jedwali la Kwanza, linaloeleza namna ya kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki, wa siku au wa saa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara wa siku hupatikana hivi:

```
mshahara wa mwezi / (4.333 x siku za kazi kwa wiki)
```

Hiyo 4.333 huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kusema mwezi una wiki nne. Wiki nne ni Februari tu, tena si kila mwaka. Mwaka una wiki 52. Zigawe kwa miezi 12 utapata wiki 4.333 kwa kila mwezi, wastani wa mwaka mzima. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana wastani wa siku 21.665 za kazi kwa mwezi, na anayefanya kazi siku sita ana 25.998. Ndiko zilikotoka zile 22 na 26 ambazo ofisi nyingi huzitumia: ni namba za jedwali zilizozungushwa. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchukua 26 ya kampuni jirani, yenye wafanyakazi wa siku sita, na kuitumia kwa watu wa siku tano. Kila kituo cha kazi kianze na swali la wiki yake ina siku ngapi, na kama ndani ya kampuni moja walinzi wanafanya siku sita na ofisi siku tano, namba za kugawia ni mbili.

Turudi kwa karani wetu. Shilingi 780,000 ukizigawa kwa 21.665 unapata takriban 36,003 kwa siku. Amekosa siku nane za kazi, hivyo makato ni karibu 288,022. Kama angekuwa wa siku sita, siku yake ingekuwa 30,002. Lakini Jumamosi ya tarehe 19 nayo ingehesabiwa, awe amekosa siku tisa, na makato yake yangekuwa karibu 270,021.

Julai ina Saba Saba, na mwaka 2025 iliangukia Jumatatu. Tuseme mwenzake karani hakuonekana Alhamisi tarehe 3 wala Ijumaa tarehe 4, akaja kutokea Jumatano tarehe 9. Wapo wasimamizi wanaoandika siku nne, wakaingiza na sikukuu. Kwa siku za kazi alizokosa ni tatu: Alhamisi, Ijumaa na Jumanne. Jumatatu hakuna aliyetarajiwa kazini. Kama utoro umewaudhi, ipo njia ya nidhamu. Kumkata mtu siku ambayo hata mlango haukufunguliwa ni kumtoza faini kupitia orodha ya mishahara, na mshahara si mahali pa kutozea faini.

Njia ya wastani nayo ina mahali inapoyumba, na mhasibu mzuri anapajua kabla hapajamuumbua. Julai 2025 ilikuwa na siku 23 za Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu akikosa mwezi mzima, ukazidisha 23 kwa 36,003, unapata zaidi ya 828,000. Eti mfanyakazi anadaiwa na ofisi kwa kukaa nyumbani! Februari ya mwaka huohuo ilikuwa na siku 20 tu. Asiyefika hata siku moja angekatwa karibu 720,055 na kubakiwa na kama shilingi 59,945 bila kufanya lolote. Namba ya wastani hufanya kazi vizuri kwa siku chache, ila mtu akikaribia kukosa mwezi wote inapinda.

Wenye uzoefu hugeuza hesabu. Aliyekosa mwezi mzima halipwi mshahara wa mwezi huo, bila kuzidisha chochote. Aliyefika siku chache analipwa kwa siku alizofika, siku tatu mara 36,003, badala ya kuanza na mshahara wote na kumkata siku ishirini. Wengine hugawa kwa siku halisi za kazi za mwezi husika, 23 kwa Julai na 20 kwa Februari. Hapo kukosa mwezi wote kunaleta sifuri kamili, lakini bei ya siku inacheza: karani huyohuyo angekatwa 33,913 kwa siku moja ya Julai na 39,000 kwa siku moja ya Februari. Mimi naona ni afadhali kushika namba ya jedwali kwa siku chache, na kuandika wazi katika kanuni za kazi kwamba aliyefanya chini ya nusu ya mwezi atalipwa kwa siku alizofanya.

Sasa kosa ambalo naliona zito kuliko yote, kwa kuwa linaumiza kimyakimya: kukata kutoka kwenye fedha za mkononi. Karani wetu, akilipwa mwezi kamili, anachangia asilimia 10 NSSF, yaani 78,000. Kodi ya PAYE hukokotolewa kwenye 702,000 zinazobaki, na kwa viwango vya Julai 2025 ni 56,400. Anaondoka na 645,600, kama hana mkopo wala makato mengine. Mhasibu mvivu huchukua hizo 645,600 na kutoa 288,022, akamkabidhi 357,578.

Hapo karani amelipia kodi na kuchangia mfuko kutokana na fedha ambazo hakuzipata. Siku zisizolipwa hutolewa juu kabisa, kwenye mshahara ghafi, kabla kitu kingine hakijaguswa. 780,000 ukitoa 288,022 ni 491,978. NSSF inakuwa 49,198 na kodi inashuka hadi 13,822, kwa kuwa sehemu ya mshahara iliyokuwa ikitozwa asilimia 20 imetoweka na iliyobaki inatozwa asilimia 8. Mkononi anapata karibu 428,958. Tofauti na alichopewa ni zaidi ya shilingi 71,000. Dalili ya kosa hili huonekana kwenye hati ya mshahara yenyewe: ukikuta umekatwa siku nane lakini PAYE ni ileile ya mwezi uliopita, uliza.

Kuna hila nyingine ambayo huigundui mpaka uweke hati mbili pamoja. Mwajiri anagawa kwa 22 anapokata, maana siku inakuwa ghali, kisha anagawa kwa 30 anapolipa, maana siku inakuwa rahisi. Jedwali la sheria halina sura mbili. Limewekwa kwa ajili ya kila mahali ambapo sheria hiyo inahitaji kujua mshahara wa siku au wa saa, saa za ziada zikiwamo. Kwa karani wa saa 45 kwa wiki, 780,000 ukizigawa kwa 4.333 mara 45 unapata karibu shilingi 4,000 kwa saa. Akichelewa saa mbili akakatwa nusu siku, 18,000, mahali pa 8,000, amekatwa zaidi ya muda aliokosa.

Kenya mpaka umechorwa kwa maneno mengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mfanyakazi amekosa yote bila ruhusa wala sababu halali. Zile hadithi za “ukikosa moja nakata tatu” hazina pa kusimama. Sheria hiyohiyo inataka jumla ya makato yote yasivuke theluthi mbili za mshahara.

Kwa aliyeko Tanzania na anayeona hesabu yake haikukaa sawa, aanze kwa kumwomba mhasibu au afisa utumishi amwonyeshe vitu viwili kwa maandishi: namba iliyotumika kugawia, na tarehe zilizohesabiwa. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu kosa huonekana lenyewe. Yasipoisha, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Siku hizo ni za kalenda. Jumamosi na Jumapili zimo.