Shati Linaloruhusu Mkono Kupanda

Katika salsa mkono haukai chini. Anayeongoza huuinua ili mwenzake azunguke chini yake, na anayezunguka naye ameinua wa kwake. Ndiyo maana shati lililopendeza mbele ya kioo nyumbani huharibika kabla wimbo wa kwanza haujaisha: pindo limechomoka kwenye suruali, kola imepanda masikioni.

Wengi hukimbilia saizi kubwa zaidi, na tatizo huzidi. Shati kubwa lina tundu la mkono lililoshuka mbali na kwapa, kwa hiyo mkono ukipanda huvuta ubavu wote wa nguo. Kinachotakiwa ni tundu lililo karibu na kwapa, pamoja na nafasi kidogo palepale. Washonaji wa kanzu hutia kikwapa, yaani kipande cha kitambaa chini ya mkono. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitia kwenye shati lako. Hufumua mshono pale mkono unapokutana na ubavu, hukata mraba wa sentimita 12 kila upande, kisha huushona ukiwa umekaa kama almasi. Baada ya mishono hubaki sentimita 10. Shati la kitenge ndilo bora kwa kazi hii, kwa kuwa maua yake huficha kiraka. Ila kitenge kipya kifuliwe kwanza kipungue ugumu, na kama kitaruka, kiruke kabla ya kushonwa.

Linabaki suala la jasho, na katika ukumbi wa Dar es Salaam usio na kiyoyozi litakuja tu. Pamba hupitisha hewa, lakini ikishalowa huchelewa kukauka. Poliesta nyepesi hukauka upesi, ila harufu huing'ang'ania hata baada ya kufuliwa. Mimi huchagua pamba nyepesi na kubeba shati la pili kwenye mfuko. Kabla ya kununua, lowesha ncha ya kidole uguse pindo kwa ndani: rangi ikibadilika sana, jasho litaonekana hivyohivyo. Kijivu na samawati hafifu hufeli karibu kila mara. Nyeupe, nyeusi na maua mengi hustahimili.

Kwa wanawake, gauni lililo wazi mgongoni lafaa kutazamwa upya. Mkono wa anayeongoza hukaa kwenye bega la nyuma, na ngozi yenye jasho huteleza. Kitambaa chembamba humpa pa kushika. Sketi pana hupanda katika mzunguko, basi vaa taiti fupi ndani. Bangili, saa na pete zenye vito viachwe mkobani, kwa sababu hunasa nywele na kukwaruza viganja. Mkanda wenye bakoli kubwa nao uachwe, hasa usiku wa bachata, watu wanapocheza wamekaribiana.