Siri Isiyovunjika, Mzigo Usiobebeka

Mnamo Desemba 1946, katika jengo la Arlington Hall jimboni Virginia, mtaalamu wa lugha Meredith Gardner alifumbua sehemu ya ujumbe ambao majasusi wa Kisovieti waliutuma Moscow miaka miwili kabla. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanasayansi waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki la Marekani. Kufumbuliwa kwake kulishangaza, kwa kuwa ujumbe huo ulikuwa umefichwa kwa njia ambayo hesabu inathibitisha kuwa haivunjiki: daftari la mara moja.

Njia yenyewe ni nyepesi kiasi cha kufanywa kwa kalamu na karatasi. Kila herufi hupewa namba: A ni 0, B ni 1, na kuendelea hadi Z, ambayo ni 25. Mtumaji na mpokeaji huwa na nakala ya daftari moja lililojaa namba za kubahatisha, na namba hizo ndizo ufunguo. Tuseme ujumbe ni KESHO, yaani 10, 4, 18, 7, 14, na ukurasa wa daftari unasema 7, 22, 3, 15, 20. Mtumaji hujumlisha namba kwa namba, na jumla ikifika 26 au zaidi huondoa 26. Hupata 17, 0, 21, 22, 8, yaani RAVWI. Mpokeaji hutoa namba zilezile na kuisoma KESHO. Kisha wote wawili huchoma ukurasa huo.

Adui aliyeinasa RAVWI anaweza kujaribu funguo zote za herufi tano, milioni 11 na ushei, na kompyuta yake ikamaliza kazi hiyo mara moja. Lakini hatafaidika na chochote. Ufunguo wa 7, 22, 3, 15, 20 utampa KESHO. Ule wa 7, 0, 9, 0, 4 utampa KAMWE. Na wa 23, 8, 13, 12, 14 utampa USIKU. Kila neno la herufi tano lina ufunguo wake mmoja unaolifikia, na kwa kuwa namba zilichaguliwa kwa kubahatisha, hakuna ufunguo wenye uwezekano mkubwa kuliko mwingine. Hata akipewa kompyuta isiyo na kikomo na muda usio na mwisho, adui atabaki na alichokuwa nacho kabla ya kuunasa ujumbe: kwamba una herufi tano.

Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho wa jambo hili mwaka 1949. Lakini hesabu hiyohiyo ilionyesha na upande wa pili. Siri kamili ya namna hii haipatikani kwa bei ndogo: ufunguo lazima uwe na urefu usiopungua wa ujumbe, uwe wa kubahatisha kweli, na usirudiwe hata mara moja. Hakuna fundi atakayekuja kuyapunguza masharti hayo, maana hayakutokana na uchanga wa teknolojia. Ndiyo yanayoifanya siri iwe kamili.

Wasovieti walikwama kwenye sharti la kurudia. Makarani wao waligeuza kwanza maneno kuwa namba kwa kutumia kitabu maalumu, kisha wakajumlisha namba hizo na namba za daftari. Madaftari yalichapwa Moscow kwa wingi mkubwa, kwa sababu kila ujumbe kutoka kila ubalozi ulikula kurasa zake. Mwanzoni mwa 1942, majeshi ya Ujerumani yakiwa yameisogelea Moscow na mahitaji yakiwa yamepanda, maelfu ya kurasa yalichapwa mara mbili. Nakala zilifungwa katika madaftari tofauti na kugawiwa idara tofauti. Karani wa biashara alitumia ukurasa wake mara moja na kuuharibu kama alivyoagizwa. Karani wa ujasusi, mahali pengine, alifanya vivyo hivyo na pacha wa ukurasa huo. Kila mmoja alifuata sheria, lakini ufunguo ulikuwa umetumika mara mbili.

Madhara ya kurudia yanaonekana hata kwenye mfano wetu. Chukua ukurasa uleule wa 7, 22, 3, 15, 20 uliokwisha kuficha KESHO, uufichie na neno MZIGO. Utapata TVLVI. Adui akiziweka RAVWI na TVLVI pamoja, ataona zote zinaishia na I, na papo hapo atajua kwamba maneno mawili yaliyofichwa nayo yanaishia na herufi moja. Akitoa namba za moja kutoka kwa nyingine, ufunguo unajifuta, na inabaki tofauti ya maneno yenyewe. Hapo akikisia kwamba la kwanza ni KESHO, la pili linajitokeza lenyewe kuwa MZIGO, nalo neno lenye maana linamhakikishia kwamba amekisia sawa.

Mwaka 1943, Richard Hallock, mwanaakiolojia aliyekuwa akilitumikia jeshi la Marekani, aligundua dalili za kurudia huko katika ujumbe wa biashara. Kazi iliyofuata, maarufu kwa jina la Venona, iliendelea hadi 1980. Takribani ujumbe 3,000 ulisomwa, mwingi wake vipande vipande, na ndio uliosaidia kumfichua Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyewapa Wasovieti siri za bomu. Ujumbe ambao kurasa zake hazikuwa na pacha haukusomeka.

Pale masharti yote yanapotimizwa, daftari hufanya kazi vizuri. Mawasiliano ya dharura kati ya Washington na Moscow, yaliyoanza 1963 baada ya mgogoro wa makombora wa Kuba, yalifichwa kwa kanda za karatasi zenye namba za kubahatisha. Kila nchi iliandaa kanda za ujumbe wake na kuzifikisha kupitia ubalozi wake katika mji mkuu wa mwenzake. Hilo liliwezekana kwa sababu wahusika walikuwa wawili tu, ujumbe ulikuwa mchache, na wajumbe wa kuaminika walikuwapo wa kubeba kanda mapema.

Sasa mtazame mtu wa kawaida mwenye simu. Mazungumzo ya video ya saa moja hutumia mamia ya megabaiti, kwa hiyo yangehitaji ufunguo wa ukubwa huohuo, uliopelekwa kwa siri kabla ya kupiga. Benki ingelazimika kumkabidhi kila mteja ufunguo wake mkono kwa mkono, na kumwongezea kila unapokwisha. Tena kama kuna njia salama ya kupitisha mzigo wote huo leo, ujumbe wenyewe ungepita humo. Faida pekee ya daftari ni kwamba ufunguo unaweza kupelekwa mapema, na ujumbe ukafuata baadaye.

Kuna pengo jingine: daftari huficha ujumbe, lakini halizuii kuchezewa. Mhalifu anayejua kwamba tarakimu fulani iliyofichwa ni 1 ya shilingi 1,000 anaweza kuiongezea 8 njiani bila kuujua ufunguo, na benki itasoma 9,000. Kinga dhidi ya hilo lazima itoke kwenye njia nyingine.

Ndiyo maana simu na benki hutumia njia kama AES, ambayo ufunguo wake mrefu zaidi una baiti 32 tu na hulinda data nyingi mno. Tangu Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha mbinu yao mwaka 1976, watu wasiowahi kuonana wanaweza kukubaliana ufunguo kupitia mtandao uleule unaosikilizwa na adui. Mbinu hizi hazina uthibitisho kama wa Shannon. Kinadharia, mtu mwenye muda usio na kikomo angejaribu funguo zote za AES na kuupata ule sahihi. Lakini idadi ya funguo hizo ni namba yenye tarakimu 78, na hakuna kompyuta inayoweza kuzimaliza. Wahandisi wameridhika na ulinzi huo, kwa sababu ufunguo wa baiti 32 unaweza kutengenezwa upya katika kila mazungumzo, bila mjumbe wala mkoba.