Kuaga Kazi kwa Kifaransa: Barua Pepe Inayosimama kwenye Tarehe

Mjini Lubumbashi Kiswahili husikika sokoni, nyumbani na hata kwenye korido za ofisi, lakini karatasi za kazi ni za Kifaransa. Mkataba huandikwa kwa Kifaransa, hati ya mshahara hivyo hivyo, na siku mtu anapopata kazi yenye malipo bora, barua ya kuacha kazi nayo haina budi kufuata lugha hiyo. Hapo wengi huumiza kichwa kutafuta maneno ya adabu, maana Kifaransa cha ofisini kina heshima zake. Adabu ina nafasi yake, lakini sentensi inayoweza kumtoa mtu fedha mfukoni ni ile fupi inayotaja notisi inaanza lini na inakwisha lini.

Tuchukue mfano wa mhasibu mwanamke katika kampuni ndogo ya malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alianza kazi tarehe 15 Juni 2021, kwa mkataba usio na tarehe ya mwisho. Sasa amepata nafasi kwenye kampuni ya madini, mshahara ni mzuri zaidi, na waajiri wapya wanamtaka haraka. Jumatatu ya tarehe 1 Septemba 2025 anakaa mbele ya kompyuta kuandika barua pepe ya kumuaga mkurugenzi wake.

Kabla hajaandika neno, inambidi apige hesabu. Sheria ya Kazi ya Kongo ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, nayo haimpangii mfanyakazi notisi moja kwa moja. Huanzia upande wa mwajiri. Mwajiri anayemwachisha mtu kazi lazima ampe notisi isiyopungua siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi huongeza siku 7. Mfanyakazi anayeondoka kwa hiari yake hutoa nusu ya hiyo.

Mhasibu wetu ametimiza miaka 4 kamili. Miezi michache iliyozidi haihesabiwi, kwa kuwa sheria hutazama miaka mizima, tarehe kwa tarehe. Mwajiri angempa siku 14, kisha 4 mara 7 yaani 28, jumla 42. Nusu yake ni 21. Basi anadaiwa siku 21 za kazi, na zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya mwajiri kupokea taarifa, wala si siku ile ile ya kutuma.

Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi Lubumbashi huweza kujikwaa papo hapo. Kwao, mtu anayelipwa kwa mwezi amezoea notisi ya siku 28 za kalenda, awe amekaa mwaka mmoja au kumi. Kongo muda unakua kadiri mtu anavyokaa, na zinazohesabiwa ni siku za kazi.

Siku hizo za kazi zina mtego wake pia. Hesabu huacha nje siku ya mapumziko ya wiki, kwa kawaida Jumapili, pamoja na sikukuu za serikali. Jumamosi huhesabiwa, hata kwa ofisi ambayo hufunga milango Ijumaa jioni. Kwa mhasibu wetu notisi inaanza Jumanne tarehe 2 Septemba. Juma la kwanza linampa siku 5, la pili 6, la tatu 6, na juma la nne anahitaji 4 tu, ambazo zinamfikisha Alhamisi tarehe 25 Septemba. Mwezi huo hauna sikukuu ya serikali nchini Kongo, kwa hiyo hakuna cha kuruka isipokuwa Jumapili. Kama angehesabu siku za kalenda angetoka tarehe 22 na kuacha siku 3 za deni. Kama angeruka Jumamosi pia, angebaki hadi tarehe 30 na kumpa bosi siku ambazo hakudaiwa. Siku 21 zile zile zingemtoa ofisini kwa tarehe tatu mbalimbali.

Tarehe ikishapatikana, barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu:

```
Objet : Démission et préavis

Monsieur le Directeur,

Je vous informe de ma décision de démissionner de mon
poste de comptable, que j'occupe depuis le 15 juin 2021.

Conformément au Code du travail, mon préavis est de
21 jours ouvrables. Il prend cours le 2 septembre 2025
et expire le 25 septembre 2025 au soir.

Je ferai la remise-reprise avec la personne que vous
voudrez bien désigner.

Je vous remercie de m'avoir confié la paie des chauffeurs
dès ma deuxième année ; j'y ai appris mon métier.

Je vous saurais gré d'accuser réception de ce message.

Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur,
l'expression de ma considération distinguée.
```

Sentensi ya kwanza inatoa taarifa. Haiombi ruhusa. Heshima tuliyolelewa nayo humvuta mtu aandike kwamba anaomba bosi akubali kuondoka kwake, au kwamba angependa kuacha kazi. Maneno ya namna hiyo ni matamu, lakini yanaacha mlango wazi. Mwajiri asiyetaka kumwachia anaweza kudai kwamba lilikuwa ombi na bado analitafakari, na siku zote hizo zinapita bila mtu kujua kama notisi imeanza. Kuacha kazi ni uamuzi wa upande mmoja, hausubiri kukubaliwa. Mahakama za Ufaransa zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba nia ya anayeondoka iwe wazi na isiyo na utata, na huo ni mwongozo mzuri kwa yeyote anayeandika kwa lugha hiyo.

Barua haitaji kampuni mpya wala mshahara mpya. Ni mwajiri anayepaswa kuwa na sababu halali ya kumwondoa mtu. Mfanyakazi anayetoa notisi halazimiki kueleza anakwenda wapi. Kumtajia bosi kiasi atakacholipwa huko mbele humfanya aanze kupanda dau au kununa, na barua rasmi si pahali pa mazungumzo hayo. Akitaka kueleza, aeleze ana kwa ana, tena ikiwezekana kabla barua haijamfikia. Bosi aliyemlea mtu kikazi kwa miaka minne anastahili kuisikia habari hiyo mdomoni mwake.

Shukrani zimepewa sentensi moja tu, na inatosha kwa kuwa inataja jambo lililotokea kweli: alikabidhiwa mishahara ya madereva akiwa mwaka wa pili. Shukrani za jumla, za kusifu kampuni nzima na familia yake, zinafaa kubandikwa kwenye barua yoyote na msomaji huziruka. Malalamiko nayo yasipenye hapo, hata yawe ya haki. Barua hii itakaa kwenye faili la mfanyakazi, na mwajiri wa kesho akipiga simu kuuliza habari zake, ndiyo itakayofunguliwa.

Fungu la mwisho ndilo linalowatisha wengi. Kifaransa rasmi hakiruhusu kumaliza kwa salamu fupi mbele ya mkurugenzi, na kina kanuni iliyo rahisi kukumbuka: cheo kilichofungua barua ndicho kinachorudiwa kwenye kuaga. Aliyeanza na "Monsieur le Directeur" amalizie na "Monsieur le Directeur", herufi kubwa zile zile. Desturi ya zamani pia humwelekeza mwanamke anayemwandikia mwanamume akwepe neno "sentiments" kwenye kuaga, kwa vile lina harufu ya mapenzi. Mhasibu wetu amechagua "considération", na hakuna atakayemnyooshea kidole.

Kuna alama nyingine ya mahali. Neno "remise-reprise" ni la ofisi za Kongo: anayeondoka anakaa na anayepokea, wanahesabu funguo, vitabu vya hesabu, muhuri, kompyuta, fedha za kasha na madeni yaliyosalia, kisha wote wawili wanatia saini karatasi moja. Kwa mhasibu hiyo ni kinga. Kasha likikutwa na upungufu mwezi Novemba, karatasi hiyo itaonyesha lilikuwa na kiasi gani siku alipolikabidhi.

Barua pepe ikishatumwa, kazi haijaisha. Notisi lazima iwe ya maandishi, na kesi nyingi za namna hii hugeuka kuwa ubishi wa lini ilipokelewa. Ndiyo maana barua inaomba jibu la kuthibitisha. Bosi asipojibu, dawa ni ile ya kila ofisi ya Lubumbashi: kuchapa nakala mbili, kuzipeleka kwa sekretari, kumwachia moja na kuondoka na nyingine iliyogongwa muhuri wa kupokea, yenye tarehe na saini. Jambo hili lifanyike siku ile ile. Nakala ikigongwa muhuri Jumatano tarehe 3, mwajiri anaweza kudai notisi ianze tarehe 4, na tarehe 25 haitakuwa sahihi tena.

Vipi kuhusu kampuni ya madini inayomtaka mapema? Anayeondoka bila kumaliza notisi hudaiwa fidia inayolingana na mshahara na marupurupu ya siku ambazo hakuzitumikia. Akiruka siku zote 21, ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Njia salama ni kumwomba mkurugenzi amfupishie muda, na akikubali, iandikwe. Neno la mdomo la bosi mwenye furaha Jumatatu linaweza kusahaulika siku ya kupiga hesabu za mwisho. Pengine ni rahisi zaidi kumweleza mwajiri mpya, tangu kwenye usaili, kwamba tarehe ya kuanza haiwezi kuwa kabla ya notisi kuisha.

Hesabu hii yote ni ya mkataba usio na mwisho. Mwenye mkataba wa muda maalumu hawezi kuuvunja kwa notisi tu kabla ya tarehe yake, hivyo asiazime barua hii. Aliye na mkataba wa pamoja wa kampuni au wa sekta ausome kwanza, na penye shaka apite ofisi ya mkaguzi wa kazi akiwa na mkataba wake mkononi.

Jioni ya tarehe 25 mhasibu anadai mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo ambayo hakuitumia, na cheti cha utumishi. Cheti hicho mwajiri analazimika kukitoa mkataba unapokwisha kwa sababu yoyote ile, hata kwa mtu aliyeondoka mwenyewe, nacho huonyesha aina ya kazi, siku ya kuanza, siku ya kumaliza na namba ya hifadhi ya jamii. Msomaji unayejiandaa kuhama kazi, kiombe kwa maandishi kabla siku ya mwisho haijafika, na kikaguliwe tarehe zake mbili kabla hujaondoka ofisini.