Maua ya Asubuhi Kwenye Kundi la Familia

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla chai haijachemka, shangazi ameshatuma waridi jekundu lenye maneno "Asubuhi njema, Mungu awatangulie" kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Vijana wengi hupita kimya, wakidhani ni picha tu.

Kwa wazee wetu, siku huanza kwa kujuliana hali. Zamani ilitosha kupita uani na kuuliza, "Mmeamkaje?" Leo watoto wako Mwanza, Mombasa na Maskati, kwa hiyo salamu hupitia simu. Kusambaza picha ni kugusa kioo mara chache tu, nafuu kwa macho yanayosumbuliwa na herufi ndogo. Picha hiyo inasema mambo mawili: nimeamka mzima, na nimewaombea. Ndiyo maana ua lisipoonekana hadi saa nne, mwenye busara hupiga simu kumjulia hali.

Kama picha zinajaza simu, nenda kwenye mipangilio uzime upakuaji wa moja kwa moja, usijitoe kundini. Na ukiliona ua, jibu: "Shikamoo shangazi, tumeamka salama." Hilo ndilo alilotaka kujua.