Jina li Orodhani, Lakini Mlango Umefungwa

Katika ofisi nyingi za vikosi vyetu na vituo vya polisi, karatasi za zamu, hesabu za sare na taarifa za doria siku hizi huwekwa katika folda ya pamoja ndani ya seva ya Windows. Mkuu hawapi watu ruhusa mmoja mmoja. Huunda kikundi, akakipa kikundi hicho ruhusa, kisha akaandika humo majina ya wanaostahili. Mpango huu ni mzuri, ila una jambo moja linalowachanganya wengi: jina la mtu limo kikundini, naye bado anakataliwa.

Tuchukue mfano wa koplo aliyehamishiwa ofisi ya zamu. Saa 1 asubuhi amefungua kompyuta na kuandika neno lake la siri. Saa 4 afande msimamizi wa mitambo anamwingiza katika kikundi kiitwacho ZAMU. Koplo anaigusa folda, na skrini yamjibu: "Access is denied". Anafunga dirisha na kulifungua tena. Jibu ni lile lile. Afande anatazama orodha yake, analiona jina. Hapo ndipo watu huanza kushukiana, huyu akisema mwenzake hajafanya kazi, na yule akisema mwenzake amekosea neno la siri.

Kumbe wote wawili wasema kweli. Windows haiisomi orodha ya vikundi kila mtu anapogusa folda. Huisoma wakati wa kuingia, ndipo humtengenezea mtumiaji hati iliyoandikwa vikundi vyake vyote vya saa ile. Na anapoiendea seva nyingine, kwa kawaida huchukua tiketi, nayo hubeba vikundi vile vile. Seva yenye folda huitazama tiketi, kama vile mlinzi wa lango atazamavyo pasi mkononi mwa mgeni, asiende kupekua daftari la makao makuu. Pasi ya koplo ilikatwa saa 1, na kikundi cha ZAMU hakikuwamo.

Kungoja si dawa ya kutegemewa. Kwa mpango wa kawaida tiketi hudumu saa 10, tena yaweza kuongezewa muda. Kuifunga skrini kwa ufunguo na kuifungua hakumpi mtu hati mpya, ingawa neno la siri huulizwa tena. Na hili ndilo linalowadanganya wengi. Koplo hana budi kuhifadhi kazi yake, achague "Sign out", kisha aingie upya. Baada ya hapo aandike amri hii katika dirisha la amri:

```
whoami /groups
```

Amri hiyo huonyesha vikundi vilivyomo katika hati aliyo nayo yeye wakati ule, wala si vile vilivyomo katika orodha ya afande. Ikiwa ZAMU haionekani hata baada ya kuingia upya, yafaa kuuliza kama badiliko limekwisha kufika katika seva inayohudumia kituo chake. Kati ya vituo vilivyo mbali, mpango wa kawaida hupeleka mabadiliko kila baada ya dakika 180, yaani saa 3 nzima.

Na ikiwa ZAMU yaonekana, naye bado akakataliwa? Basi kosa halimo tena kwa koplo. Limo katika folda yenyewe. Folda ya pamoja ina milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa za mtandao, katika ukurasa wa "Sharing". Wa pili ni ruhusa za diski, katika ukurasa wa "Security". Apitaye mtandaoni hupimwa na yote miwili, naye hupata ile iliyo ndogo. Mara nyingi tumeona afande akitoa ruhusa ya kuandika katika "Security", akasahau kwamba mlango wa mtandao umeachwa kwenye kusoma tu. Dalili yake ni wazi: mtu aisoma karatasi ya zamu vizuri, lakini akijaribu kuihifadhi baada ya kuisahihisha, hukataliwa.

Yabaki alama ya "Deny". Tuseme koplo huyo bado yumo katika kikundi cha ofisi yake ya zamani, na folda ile ile imekipiga kikundi hicho marufuku. Ruhusa ya ZAMU haitamwokoa, kwa maana marufuku na ruhusa zilizowekwa juu ya folda moja zikikutana, marufuku hushinda. Afande amwondoe katika kikundi cha zamani, au afadhali zaidi aifute marufuku hiyo, kwani asiyepewa ruhusa hana njia ya kuingia hata bila ya kukatazwa. Akimwondoa kikundini, koplo itambidi atoke na kuingia upya kwa mara nyingine, maana pasi aliyo nayo bado ina jina la ofisi ya zamani.